Alama ya sigma, kuhamisha indeksi na kugawanya jumla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya anayeanza kujifunza mifululizo isiyo na mwisho na tayari ameambiwa "tumia jaribio fulani", lakini mfululizo alio nao haufanani na ule wa kwenye mfano. Mara nyingi kinachokwamisha si jaribio lenyewe. Mfululizo haujaandikwa upya kwa sura inayotambulika, na hapo ndipo kazi ilipo.

Kwa kuwa kwenye mstari wa kawaida ni vigumu kuweka namba juu na chini ya sigma, hapa naandika Σ[n=1→∞]. Maana yake: n inaanza 1 na kuendelea bila kikomo.

## Misingi

1. Alama ya Σ inaniambia nifanye nini hasa?

Inakuambia ujumlishe. Herufi iliyo chini ya sigma ni indeksi, namba iliyo karibu nayo ni ya kuanzia, na ya juu ni ya kuishia. Unachukua kila namba kamili kuanzia ya chini hadi ya juu, unaiweka mahali pa indeksi, kisha unajumlisha yote unayoyapata. Kwa hiyo Σ[k=1→4] k² ni 1 + 4 + 9 + 16, yaani 30. Leonhard Euler ndiye aliyeanza kuitumia herufi hii ya Kigiriki kwa kazi hiyo, mwaka 1755.

Kila namba inayojumlishwa naiita kipengele. Ukiishia kwenye ∞, jumla yake hupatikana kwa kujumlisha vipengele N vya kwanza, kisha kutazama matokeo yanaelekea wapi N inapozidi kukua. Yakielekea namba moja, tunasema mfululizo unakutana. Yasipoelekea namba yoyote, unatawanyika. Maana hii ya "vipengele N vya kwanza" usiiache mbali, kwani katika swali la 10 ndiyo itakayotuokoa.

2. Je, herufi ya indeksi ina maana yoyote?

Haina. Σ[n=1→4] n² na Σ[j=1→4] j² ni 30 zote mbili. Indeksi inaishi ndani ya sigma tu, na jumla ikishapatikana, herufi hiyo haionekani tena. Ukimaliza kujumlisha na bado jibu lako lina n, rudi nyuma, kuna kitu umekosea.

3. Kutoka n = 3 hadi n = 10 kuna vipengele vingapi?

Ni vinane, si saba. Toa ya chini kutoka ya juu, kisha ongeza 1. Ndiyo maana Σ[n=3→10] 5 ni 40.

4. Nini kinaruhusiwa kutoka nje ya sigma?

Namba isiyobadilika indeksi inapobadilika. Σ 7/n² ni sawa na 7·Σ 1/n², na mfululizo wa pili ukikutana, wa kwanza unakutana. Ukitawanyika, wa kwanza pia hutawanyika, mradi namba uliyoitoa si sifuri.

Chochote chenye n ndani yake hakitoki. Katika Σ 2^(n+1)/5^n, huwezi kutoa 2^(n+1) nje, ila unaweza kutoa 2 moja, kwa sababu 2^(n+1) ni 2·2^n. Hatua hiyo ndogo itatufaa sana katika swali la 7.

Kuzidisha nako kuna mtego wake: jumla ya mazao si zao la jumla. Σ[k=1→2] k·k ni 1 + 4 = 5, ilhali (1 + 2)·(1 + 2) ni 9.

## Kuhamisha indeksi

5. Kuhamisha indeksi maana yake nini, na kwa nini nijisumbue?

Ni kuvipa vipengele vilevile namba mpya. Ni kama kubadilisha namba za viti huku waliokaa wakibaki walewale, kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo jumla haibadiliki hata kidogo.

Sababu ya kujisumbua ni kwamba mifululizo tunayoijua kwa jina ina sura maalumu. Ule wa p ni Σ[n=1→∞] 1/n^p, nao unakutana p ikizidi 1 na kutawanyika p ikiwa 1 au pungufu. Ule wa kijiometri ni Σ[n=0→∞] a·r^n, nao unakutana r ikiwa kati ya −1 na 1 (zenyewe hazimo), na jumla yake ni a/(1 − r). Ukiona Σ[n=3→∞] 1/(n−2), hiyo si sura yoyote kati ya hizo. Ukiihamisha unapata Σ[m=1→∞] 1/m, na hapo hakuna ubishi: ni mfululizo wa p wenye p = 1, unatawanyika.

6. Hatua zenyewe ni zipi?

Kwanza chagua indeksi mpya kwa kuangalia kinachokukera. Kama ni n−2 iliyoko kwenye asili, yaani chini ya mstari wa sehemu, basi weka m = n − 2.

Pili, igeuze: n = m + 2. Huu ndio mstari utakaoutumia ndani ya kipengele, na nakushauri uuandike, usiuweke kichwani. Tatu, badilisha mwanzo kwa kutumia mstari wa kwanza: n ikiwa 3, m ni 1. Mwisho wa ∞ unabaki ∞, lakini mwisho wenye namba nao lazima uhamishwe. Nne, kila mahali penye n weka (m + 2), pamoja na mabano.

Watu wengi hubadilisha mwanzo na kipengele kuelekea upande mmoja. Mwanzo ukipungua kwa 2, n zilizo ndani ya kipengele lazima ziongezwe 2. Vinaenda pande kinyume ili vifidiane.

Kuna njia ya haraka ya kujua kama umekosea: andika vipengele viwili vya kwanza kabla na baada. Katika Σ[n=3→∞] 1/(n−2) ni 1 na 1/2. Katika Σ[m=1→∞] 1/m ni 1 na 1/2. Visipofanana, usiendelee na jaribio lolote.

7. Mfululizo wangu una vipeo kama n+1 na n−1. Naufanyaje uwe wa kijiometri?

Tuchukue Σ[n=2→∞] 3·2^(n+1)/5^(n−1). Weka m = n − 2, yaani n = m + 2. Kipeo n+1 kinakuwa m+3, na n−1 kinakuwa m+1:

```
Σ[m=0→∞] 3·2^(m+3)/5^(m+1)
  = Σ[m=0→∞] (3·8/5)·(2/5)^m
  = Σ[m=0→∞] (24/5)·(2/5)^m
```

Sasa a ni 24/5 na r ni 2/5. Unakutana, na jumla ni (24/5)/(3/5) = 8.

Kosa ninaloliona zaidi ni la anayerahisisha bila kuhamisha. Anaandika kipengele kama 30·(2/5)^n, na hilo ni sahihi, kisha anatumia a/(1 − r) na kupata 50. Kanuni ile inaanzia sifuri, ilhali mfululizo wake unaanzia 2. Amejumlisha vipengele viwili visivyokuwepo: cha n = 0 ambacho ni 30, na cha n = 1 ambacho ni 12. Toa 42 kutoka 50 na utarudi kwenye 8. Kwa hiyo kutohamisha si kosa, mradi ukumbuke kutoa ziada hiyo.

8. Je, mahali pa kuanzia panaathiri kukutana?

Hapaathiri kukutana, ila panaathiri jumla. Ukiondoa au kuongeza vipengele vichache vya mwanzo, unaongeza au kupunguza namba yenye mwisho, na namba ya namna hiyo haiwezi kuokoa mfululizo unaotawanyika wala kuharibu unaokutana. Ukiulizwa tu "unakutana au hapana", mwanzo usikusumbue. Ukiulizwa jumla, kila kipengele kina hesabu yake, kama ulivyoona katika swali la 7.

Angalizo moja: vipengele vyote vinavyobaki lazima viwe na maana. Σ 1/(n−1) hauwezi kuanzia n = 1, kwa kuwa hapo unagawa kwa sifuri.

9. Mabadiliko ya (−1)^n na faktoria yananichanganya. Kuna la ziada?

Hakuna kanuni mpya, ni mabano tu. Chukua Σ[n=1→∞] (−1)^(n+1)/n na uweke m = n − 1. Kipeo kinakuwa m+2, na (−1)^(m+2) ni sawa na (−1)^m, hivyo unapata Σ[m=0→∞] (−1)^m/(m+1). Vipengele vya mwanzo ni 1 na −1/2 pande zote mbili, kwa hiyo tuko salama. Anayesahau kuhamisha kipeo anaanza na −1, na jumla yake yote inageuka ishara.

Kwa faktoria, n! inakuwa (m+1)!, si m! + 1. Utaiona ikifanya kazi katika swali la 14.

## Kugawanya jumla

10. Ni lini ninaruhusiwa kugawanya Σ(a + b) kuwa Σa + Σb?

Jumla ikiwa na mwisho, wakati wowote. Ikiwa haina mwisho, ruhusa inapatikana pale Σa na Σb zote mbili zinapokutana. Hapo jumla nzima inakutana, na ni sawa na jumla hizo mbili zikiongezwa.

Sharti hilo linapuuzwa kwa sababu kwenye karatasi kugawanya kunaonekana hakuna madhara. Tazama Σ[n=1→∞] 1/(n(n+2)). Kipengele chake kinaweza kuandikwa ½·(1/n − 1/(n+2)), na hadi hapo kila kitu ni sawa. Ukigawanya moja kwa moja unapata ½·(Σ 1/n − Σ 1/(n+2)). Zote mbili zinatawanyika, kwa hiyo umebaki na ∞ − ∞, ambayo si namba na haikuambii lolote. Wapo wanaoishia hapo na kuandika "unatawanyika". Wengine wanasema zinafutana na jibu ni 0. Wote wamekosea.

Njia salama ni kurudi kwenye vipengele N vya kwanza, ambako kugawanya kunaruhusiwa daima, na kuhamisha jumla ya pili kwa m = n + 2:

```
Σ[n=1→N] 1/n  −  Σ[n=1→N] 1/(n+2)
  = Σ[n=1→N] 1/n  −  Σ[m=3→N+2] 1/m
  = 1 + 1/2 − 1/(N+1) − 1/(N+2)
```

Angalia kilichotokea. Jumla ya kwanza ina 1 hadi N, ya pili ina 3 hadi N+2. Kuanzia 3 hadi N vinafutana kabisa. Kwenye ya kwanza vimebaki 1 na 1/2, na kwenye ya pili vimebaki viwili vya mwisho. Zidisha kwa ½, kisha acha N ikue: jumla ni ½·(3/2) = 3/4.

Ukitaka kujihakikishia, weka N = 3. Moja kwa moja ni 1/3 + 1/8 + 1/15 = 0.525. Kwa kanuni ni ½·(1.5 − 0.25 − 0.2) = 0.525.

Kama unachotaka ni kukutana tu bila jumla, hukuhitaji kugawanya chochote. 1/(n(n+2)) ni ndogo kuliko 1/n², na jaribio la ulinganisho linamaliza kazi kwa mstari mmoja.

11. Sehemu moja ikikutana na nyingine ikitawanyika?

Basi mfululizo mzima unatawanyika, bila shaka yoyote. Σ (1/2^n + 1/n) ni mfano. Kama mzima ungekutana, ungetoa Σ 1/2^n inayokutana na kubaki na Σ 1/n inayokutana, jambo lisilowezekana.

12. Na zote mbili zikitawanyika?

Hujui bado. Σ(1/n + 1/n) inatawanyika, ilhali ile ya swali la 10 inakutana. Ukifika hapa, chukulia kwamba mgawanyo haukufaa, rudi kwenye kipengele kizima na utafute njia nyingine. Kuna jambo moja la kufariji: kama vipengele vya sehemu zote mbili ni chanya na zote mbili zinajumlishwa, si kutolewa, hakuna cha kufutana, na hata moja tu ikitawanyika imetosha.

## Kuunganisha mbinu zote mbili

13. Naomba mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Σ[n=3→∞] n/(n−2)³. Kwa jaribio la uwiano hutafika popote, kwani kikomo cha uwiano ni 1 na jaribio linanyamaza. Kugawanya nako hakuanzi vizuri, kwa kuwa penye jumla ni kwenye asili, na asili yenye n−2 haipasuki kirahisi namna hiyo.

Kwa hiyo hamisha kwanza. Weka m = n − 2, n = m + 2, mwanzo unakuwa 1:

```
Σ[m=1→∞] (m+2)/m³
```

Kagua: n = 3 inatoa 3/1, na m = 1 inatoa 3/1. n = 4 inatoa 4/8, na m = 2 inatoa 4/8. Sawa.

Sasa uzito umehamia juu, na juu ndiko sehemu inakogawanyika: (m+2)/m³ = 1/m² + 2/m³. Yote mawili ni ya mfululizo wa p, wenye p = 2 na p = 3, na yote yanakutana. Sharti la swali la 10 limetimia, kwa hiyo mfululizo wa awali unakutana. Jumla ya 1/m² ni π²/6, na ya 1/m³ ni takriban 1.202, hivyo jumla nzima ni kama 4.049.

Mpangilio ndio ulioamua. Tumehamisha ili asili iwe kitu kimoja, kisha tukagawanya. Na sharti la kukutana tumelikagua baada ya kuziona sehemu, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na cha kukagua. Katika uandishi rasmi unaanza kwa kusema sehemu mbili zinakutana, halafu ndipo unaandika alama ya sawasawa.

14. Na wenye faktoria, kama Σ[n=1→∞] n²/n!?

Punguza kwanza: n²/n! ni n/(n−1)!. Weka m = n − 1 na upate Σ[m=0→∞] (m+1)/m!. Gawanya kuwa Σ m/m! na Σ 1/m!. Ya pili ni e. Ya kwanza ina kipengele cha m = 0 ambacho ni sifuri, hivyo anzia 1, punguza kuwa 1/(m−1)!, hamisha tena, nayo ni e. Jumla ni 2e, takriban 5.437.

## Yasiyo ya kawaida

15. Je, naweza kutenga vipengele vya shufwa na vya witiri?

Kuandika n = 2m kwa shufwa na n = 2m − 1 kwa witiri si kuhamisha indeksi. Kuhamisha kunabakiza vipengele vyote kwa mpangilio wao, lakini hapa unavitenga makundi mawili. Kwa hiyo sharti la swali la 10 linarudi: kila kundi lazima likutane lenyewe.

Mfululizo 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + … unakutana, na jumla yake ni ln 2, kama 0.693. Tenga witiri na shufwa, na umepata 1 + 1/3 + 1/5 + … pamoja na −(1/2 + 1/4 + 1/6 + …), ambazo zote zinatawanyika. Kukutana kwake kunategemea ishara zinazopishana, na ukishazitenga, umekiondoa kilichokuwa kinaushikilia.

16. Je, niamini kikokotoo kikionyesha jumla inatulia baada ya vipengele vingi?

Kwa mifululizo inayotawanyika polepole, hapana. Σ[n=1→∞] 1/n inahitaji vipengele 12,367 ili kuvuka 10, na kwenye skrini inaonekana kama imesimama. Iandike upya kwa sura unayoijua, kisha itumie sura hiyo.

17. Kuna wakati ni afadhali nisihamishe?

Upo. Σ[n=2→∞] 1/(n·ln n) unaanzia 2 kwa sababu ln 1 ni sifuri. Ukiupeleka mwanzo kwenye 1 unapata 1/((m+1)·ln(m+1)), ambayo ni chafu zaidi, na jaribio la integrali halijali kama umeanzia 1 au 2. Vivyo hivyo kwa jaribio la uwiano, linalotazama vipengele vya mbali tu. Hamisha pale kipengele kinaposafishika. Kikizidi kuchafuka, ile sura ya awali ndiyo bora.